Tupeane uzoefu: mliambiana madeni kabla ya ndoa, au mlikuja kuyakuta ndani?

Kijana_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Usharikani kwetu tumepewa kazi ya kutengeneza video ya wachumba, dakika kumi na tano hivi, ya kuonyeshwa kwenye semina kabla ya ndoa. Kipande cha watoto na kipande cha wakwe vimetoka vizuri. Cha pesa kimetushinda. Tumewakalisha kaka na dada kwenye kochi wanaambiana "tuwe wawazi", wanatabasamu, basi. Hata mpiga picha alisinzia. Nimeamua tuking'ang'anie kitu kimoja tu, madeni. Walioko ndoani na mlioko mbioni, mliambianaje? Dini yoyote, karibuni.

Chidi_Sinza
Mkuu, siku nzima pamoja na droni mnachaji shilingi ngapi? Yangu ni Desemba.

Kijana_Tabata
Chidi, hatupigi picha za harusi. Soma tena juu.

BintiMwenyeSwali
Yangu nitaisema kwa namba, maana bila namba ni stori ya vijiweni.

Mchumba wangu aliniambia mshahara wake ni milioni moja na laki mbili. Hakudanganya, ndiyo ulioandikwa kwenye mkataba. Nikapiga hesabu zangu: nyumba ya 350,000 kwa mwezi hapa Tabata, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, yaani 2,100,000. Nikaona inawezekana. Siku moja nikamwomba tuweke salari slipu mezani, yangu na yake. Yake ilikuwa hivi: NSSF 120,000, kodi 152,000, Bodi ya Mikopo 180,000 kwa sababu wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Hapo imebaki 748,000. Halafu kuna Saccos 250,000. Mkononi 498,000. Toa kodi ya nyumba, inabaki 148,000 ya kula, nauli na kutuma kwa mama yake.

Sikukasirika kwa deni, nilikasirika kwamba nilikuwa nimeshachagua mapazia.

Kibaya zaidi kilikuwa hakimo kwenye slipu. Alikuwa amemdhamini rafiki yake kwenye Saccos hiyo hiyo. Dhamana haionekani kwenye mshahara mpaka siku mwenye mkopo aache kulipa, ndipo wanawageukia wadhamini. Nilijua kwa sababu nilimwambia aombe taarifa ya Saccos yote, akiba, mkopo na wale aliowadhamini. Kwa hiyo kwenye video yenu msiishie kuuliza "unadaiwa?" Ulizeni "umemdhamini nani?" Mtu anaweza kujibu swali la kwanza kwa uaminifu kabisa na bado ukaja kukatwa.

Baba_Junior
Dada, hapo ulifanya la maana kushtuka mapema. Ukishafunga ndoa deni lake ni lako, mali yake nusu ni yako. Mwili mmoja. Sheria ndivyo inavyosema.

Wakili_wa_Mitaani
Baba Junior, mwili mmoja ni Mwanzo 2:24, si Sheria ya Ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 58, inasema ndoa yenyewe haibadilishi umiliki: kiwanja ulichoingia nacho kinabaki chako. Na deni alilokopa peke yake kabla ya kukuoa, mdai atamfuata yeye na wadhamini wake, hakufuati wewe kwa sababu tu ni mke wake.

Ila Baba Junior, kuna sehemu uko sahihi kidogo. Mahakama ikigawa mali baada ya talaka, hata iliyokuwa ya mmoja kabla ya ndoa inaweza kuingizwa kama iliendelezwa sana kwa nguvu za wote wawili. Na nyumba mnayoishi kama mume na mke, mwenye hati hawezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, kifungu cha 59. Kwa hiyo yule wa "nakopa kwa hati yangu, wewe haikuhusu" anakosea pia.

Kisheria deni si lako. Mezani chakula kinachopungua ni chako. Video iseme yote mawili.

Baba_Junior
Sawa wakili. Lakini kwetu Mbagala anayekopesha kausha damu haangalii kifungu, anabeba friji.

Wakili_wa_Mitaani
Kama friji ni la mke, risiti zihifadhiwe. Kausha damu ni mada nyingine kabisa, nitaianzishia uzi wake.

UmmuSalma_Temeke
Asalaam aleykum. Mimi nitasema la kwetu. Mahari yangu yaliandikwa, nusu taslimu, nusu baadaye. Hiyo nusu ya baadaye ina miaka na miaka. Kila nikiuliza naambiwa "si tunakula wote?" Mahari ni haki ya mke, Suratun-Nisaa aya ya 4 inaamrisha wapewe. Ukiahirisha, ni deni, tofauti ni kwamba mdai unalala naye chumba kimoja. Na Al-Baqara 282, ile aya ndefu kuliko zote, inataka deni la muda liandikwe na muda wake. Sisi tuliandika kiasi, muda hatukuandika. Wachumba wa Kiislamu waambiwe: "baadaye" iwe na tarehe.

MzeeWaKanisa_Kinyerezi
Shalom. Nimekaa na wachumba wengi, naomba kuongea kuhusu maandiko, maana hapo ndipo video nyingi zinaharibika. Mkianza na Warumi 13:8, "msiwiwe na mtu cho chote", mwenye deni ataona amehukumiwa na atalificha zaidi. Anzeni na Luka 14:28, mtu anayetaka kujenga mnara anaketi kwanza na kuhesabu gharama. Someni aya, nyamazeni, waachieni karatasi. Huyo mjenzi hakulaumiwa kwa kuwa na kidogo. Anayechekwa ni aliyeanza bila kuhesabu.

Kwa kisa cha dada, kuna Mithali 6, mwanzoni kabisa. Inamwambia aliyemdhamini mwenzake asisinzie, aende akajinyenyekeze, ajiponye kama paa mkononi mwa mwindaji. Ni ushauri wa kufanyia kazi siku hiyo hiyo.

Jambo jingine: ionyesheni kabla ya matangazo ya ndoa. Yakishaanza kusomwa Jumapili na kadi za michango ziko mitaani, hakuna atakayefungua mdomo.

BintiMwenyeSwali
Mzee, ndivyo alivyofanya, alimfuata rafiki yake Gongo la Mboto. Rafiki akatafuta mdhamini mwingine, Saccos ikakubali kubadilisha. Si kila Saccos inakubali, na kama mkopo umeshachelewa sana inakuwa ngumu. Tulisogeza harusi mbele.

Katibu_Kamati
Hakuna aliyetaja deni la harusi yenyewe? Nimekuwa katibu wa kamati mara nyingi. Ahadi kwenye daftari milioni 12, zilizoingia mpaka wiki ya mwisho milioni 8. Ukumbi, chakula na mapambo vimeshapangwa kwa 12. Ile 4 anaikopa bwana harusi kimya kimya usiku wa kuamkia sendofu, bibi harusi hajui. Mimi nashauri bajeti ifuate fedha zilizoingia, ahadi zihesabiwe kama bonasi. Wajumbe huwa wananichukia.

Chidi_Sinza
Katibu umenigusa. Ngoja nikaangalie daftari.

Kijana_Tabata
Asanteni sana. Tunapiga upya Jumamosi: salari slipu mbili mezani, swali la dhamana, Luka 14. Ummu Salma, nitaomba ruhusa ya kutumia la tarehe. Tunabishana kitu kimoja: tuonyeshe namba kwenye skrini au tuzizibe?

MzeeWaKanisa_Kinyerezi
Zizibeni. Mwenye laki tatu akiona milioni atajiona hana anachoweza kuleta mezani.

BintiMwenyeSwali
Samahani Mzee wangu, mkiziba mmerudi kwenye kochi. Wekeni slipu ya laki tatu basi, na makato yake yote.