ISBN kutoka tarakimu 10 kwenda 13: tulirudi nyuma au la?

Mkutubi Mkongwe
Wadau, mwaka 2007 ISBN, zile namba za kutambulisha vitabu, zilihama kutoka tarakimu 10 kwenda 13. Kwa maoni yangu tarakimu ya mwisho ya zamani, ile inayokokotolewa kutoka kwa nyingine ili kunasa makosa ya kuandika, ilikuwa na akili zaidi. Hii mpya inapitisha makosa ambayo ile ingeyakataa mlangoni. Kwa nini tulikubali kurudi nyuma? Na asinijibu mtu kwamba siku hizi kuna skana.

Fundi Mifumo
Shikamoo mzee. Kuna skana. 😀
Kwa uzito wake: namba zilikuwa zinaelekea kuisha, na nyuma ya vitabu tayari kulikuwa na bakodi ya EAN yenye tarakimu 13 inayoanza na 978. Kitabu kimoja kilikuwa na namba mbili, ikabaki moja. Faida ya ziada ni kwamba tuliachana na ile X ya mwishoni. Wanaoililia X ni watu ambao hawajawahi kutengeneza hifadhidata hata moja.

Mkutubi Mkongwe
> Wanaoililia X ni watu ambao hawajawahi kutengeneza hifadhidata

Marahaba, ila ulimi wako mrefu. X ni kumi ya Kirumi. Mfumo wa zamani unazidisha kila tarakimu kwa uzito wa nafasi yake, unajumlisha, kisha unagawanya kwa 11, na baki linaweza kuwa 0 hadi 10, na hiyo kumi haienei kwenye nafasi moja, ndiyo maana ikapewa herufi. Mfumo unaoshindwa kumeza herufi moja, aibu ni ya aliyeutengeneza, si ya herufi.

Nusu Robo
Jamani, mnagombania X bure. Kugawanya kwa 10 kunatosha kabisa, mradi uzito wa kila nafasi uwe namba witiri. Ndiyo maana ISBN mpya inatumia 1 na 3 kwa zamu. Ukiweka witiri, hakuna kosa linalopita. Tulifundishwa hivyo.

Hesabu za Jioni
> Ukiweka witiri, hakuna kosa linalopita.

Mkuu, umeshika mkia ukadhani umeshika ng'ombe. Kwanza 5 nayo ni witiri. Zidisha 2 kwa 5 upate 10, zidisha 4 kwa 5 upate 20. Zote mwisho wake ni 0, kwa hiyo mtu akiandika 4 badala ya 2 hakuna atakayejua. Uzito unaofaa kwenye 10 ni 1, 3, 7 na 9 tu. Hapo ni kweli, tarakimu moja ikikosewa itanaswa daima.

Lakini mzee hakuuliza kuhusu tarakimu moja iliyokosewa. Kuna kosa lingine ambalo vidole vinalipenda sana: kugeuza mbili zinazofuatana. Nimetunga namba, msiitafute dukani:

```
9 7 8 0 2 7 6 1 4 8 3 5 4
1 3 1 3 1 3 1 3 1 3 1 3 1
jumla = 120
```

120 inagawanyika kwa 10, namba ni sahihi. Sasa geuza ile 2 na 7, iwe 9780726148354. Mwanzo mbili hizo zilichangia 2×1 + 7×3 = 23. Sasa zinachangia 7×1 + 2×3 = 13. Jumla imeshuka hadi 110, nayo inagawanyika kwa 10. Imepita! Hata ile 6 na 1 ukizigeuza itapita, jumla inakuwa 130. Ila geuza 7 na 6 za katikati uone: 118, inakataliwa.

Siri ni kwamba tofauti ya 3 na 1 ni 2. Tarakimu zikitofautiana kwa 5 (0 na 5, 1 na 6, 2 na 7, 3 na 8, 4 na 9), jumla inasogea kwa kumi kamili na mlinzi haoni kitu. Na usiseme tubadilishe uzito. 1, 3, 7 na 9 zote ni witiri, na witiri ukitoa witiri unapata shufwa, daima. Kwa hiyo chagua jozi yoyote unayotaka, tofauti ya 5 itakuponyoka tu. Hilo ni tatizo la 10 yenyewe, kwa sababu ni 2 mara 5.

Nusu Robo
Mkia wa ng'ombe ndio nini? Nilisema ninavyojua. Jozi tano tu, nani anajali?

Hesabu za Jioni
Pole, nilitania. Jozi tano kati ya 45 zinazowezekana, maana yake mgeuzo mmoja kati ya 9, kama tarakimu zimetawanyika sawasawa. Amua mwenyewe kama ni kidogo.

Mkutubi Mkongwe
Na ya zamani je? Waonyeshe.

Hesabu za Jioni
Toa 978 na ile ya mwisho, kisha kokotoa ya zamani. Uzito unaanza 10 kushoto, unashuka hadi 1:

```
0 2 7 6 1 4 8 3 5 5
10 9 8 7 6 5 4 3 2 1
jumla = 198 = 18 × 11
```

Geuza ileile 2 na 7. Jumla inakuwa 203, baki 5, nje. Kwa kuwa 11 haigawanyiki na chochote zaidi ya 1 na yenyewe, na uzito wa nafasi zote kumi ni tofauti, mgeuzo wa tarakimu zozote mbili unanaswa, ziwe jirani au zimeachana.

Fundi Mifumo
Sawa, hesabu imesomeka. Lakini nirudi kwa mzee: "aibu ni ya aliyeutengeneza". Mzee, mimi sikutengeneza mfumo, niliukuta. Sehemu ya namba ilikuwa imewekwa ipokee tarakimu tu. Kila namba yenye X ilirudishwa. Unajua ni ngapi? Karibu moja kati ya 11. Nilishinda wiki nzima nalaaniwa kwa dhambi ya mtu mwingine, halafu leo naambiwa nina ulimi mrefu.

Mkutubi Mkongwe
Kwa hiyo unakiri mfumo ulikuwa mbovu. Nashukuru.

Karani wa Zamu
Hodi humu. Nyie mnabishana kuhusu X, mimi niliingiza hizo namba kwa mkono. Aliyekuwa kabla yangu alikuwa akikuta X anaandika 0. Mfumo ulikuwa unahifadhi bila kukagua chochote, basi zikakaa hivyo miaka. Mwingine alikuwa anaandika 10, namba inakuwa na tarakimu 11. Huyo angalau unamwona kwa macho.

Halafu orodha ilipopitia Excel, namba zote zilizoanza na 0 zilipoteza hiyo 0. Hapo hiyo tarakimu yenu ya akili ilifanya nini?

Hesabu za Jioni
> hiyo tarakimu yenu ya akili ilifanya nini?

Dada, hapo umegonga penyewe: haikufanya kitu. Sifuri mara 10 ni sifuri. Ukiihesabu 276148355 kuanzia kulia bado unapata 198, inapita. Hapo kinachokuokoa ni kuhesabu urefu kwanza, kabla ya kugusa uzito. Zile X zilizogeuzwa 0, kwa upande mwingine, zingekataliwa zote kama kuna mtu angekagua, kwa sababu 10 na 0 hazina baki sawa kwenye 11.

Fundi Mifumo
Asante dada Karani. Ushahidi huo: watu walishindwa X. Kinga isiyotumika si kinga.

Mkutubi Mkongwe
Watu hawakushindwa X. Waliachiwa waandike upuuzi na mfumo ukanyamaza. Tena ni mfumo, sio X!

Mgeni Njiani
Samahani wakubwa, nimesoma tangu juu. Ina maana nikikokotoa hivi naweza kujua kitabu ni halali au cha wezi? Kuna kimoja nina shaka nacho.

Hesabu za Jioni
Hapana ndugu. Kanuni iko wazi kwa kila mtu, anayechapa kinyemela anaikokotoa kama wewe, au ananakili namba ya kitabu halisi ilivyo. Tena ukibonyeza tarakimu 13 ovyo ovyo, mara moja kati ya kumi zitakubali. Hii ni ya kukamata bahati mbaya, si ya kukamata mwizi.

Mgeni Njiani
Kwenye namba za kadi za benki pia?

Hesabu za Jioni
Pia. Ila kule ni kanuni ya Hans Peter Luhn wa IBM, ya miaka ya 1950. Wanagawanya kwa 10, lakini kila nafasi ya pili wanazidisha kwa 2, na jibu likizidi 9 wanatoa 9. Hiyo hila ndogo ya kutoa 9 inavunja ule mtego wa tofauti ya 5, kwa hiyo 27 ikiwa 72 inanaswa. Inayobaki kuponyoka ni 09 ikigeuka 90, kwa sababu 0 ikizidishwa inabaki 0, na 9 inakuwa 18, toa 9, unarudi kwenye 9.

Na kwa faida ya wagomvi wetu wawili: mwaka 1969 Mholanzi Verhoeff alionyesha njia inayonasa kila kosa la tarakimu moja na kila mgeuzo wa majirani, kwa 0 hadi 9 tu, bila X. Ila haijumlishi kwa kawaida. Inatumia jedwali ambalo a na b si lazima zitoe jibu moja na b na a. Kwa hiyo ugomvi wa "ama X ama upofu" haukuwa na ulazima.

Fundi Mifumo
Jedwali? Umwelekeze karani akokotoe kwa kalamu? 1 na 3 mtoto wa shule anaweza.

Nusu Robo
Mimi nauliza kitu. Si wangebaki na 11 hata kwa tarakimu 13?

Hesabu za Jioni
Swali zuri, kwa kweli. Kwenye 11 una uzito wa aina kumi tu, 1 hadi 10. Nafasi zikiwa 13 lazima baadhi zifanane, na hizo ukizibadilishana huoni. Ila ungezipanga mbali mbali, majirani wangebaki salama. Kwa hiyo ingewezekana, na X ingerudi. Lakini bakodi za EAN za bidhaa zote duniani zilikuwa za 1 na 3, skana zikisoma hivyo. Vitabu ndivyo viliingia nyumba ya watu, vikafuata sheria za mwenye nyumba.

Mkutubi Mkongwe
Hilo ndilo nililouliza tangu mwanzo. Nasubiri atakayesema ilikuwa bei halali kulipa.

Fundi Mifumo
Nasema mimi. Skana haigeuzi tarakimu.

Karani wa Zamu
Skana haigeuzi, mimi nageuza. Bakodi ikichanika au ikibandikiwa stika naandika kwa mkono. Jana usiku mmenifanya nifungue faili la namba za tarakimu 13 ambazo mfumo ulikubali lakini kitabu hakikupatikana. Ziko 14. Moja ni 3 na 8 zimegeuzwa, kama alivyosema kaka. Mbili, tarakimu zimerukana, 415 imekuwa 514. Hapo sikuelewa kwa nini zilipita.

Hesabu za Jioni
4 na 5 zimekaa nafasi zenye uzito uleule, zote 1 au zote 3. Jumla haitikisiki hata kidogo. Ya zamani ingezikamata. Na zile 11 zilizobaki?

Karani wa Zamu
Namba sahihi kabisa, za toleo lingine la kitabu hichohicho. Nilizinakili mwenyewe bila kukosea hata tarakimu moja.