Ulinganisho: kufunga kila kitu au kubana mahali pachache? Rt, mtawanyiko na Korea ya 2015

AfyaWilayani

Wakuu, habari za jioni. Niko kwenye timu inayoandika upya mpango wa dharura wa milipuko wa wilaya yetu. Kikao cha mwisho tulivutana mpaka chai ikaganda vikombeni. Kuna wanaotaka mpango uanze na kufunga: gulio, shule, mikusanyiko yote kwa wiki 3, mara tu Rt ikivuka 1. Wengine wanataka fedha hizo hizo ziende kwenye mapokezi ya hospitali, vyumba vya kutenga, na watu wa kufuatilia waliotangamana na mgonjwa.

Kinachonichanganya ni kwamba pande zote mbili zinatetea hoja kwa Rt ile ile. Chukueni ugonjwa wa njia ya hewa unaopenda hospitali, mfano MERS. Mngechagua kipi? Na mngeangalia nini zaidi ya Rt?

Fundi_Kodi

R toleo gani, mkuu? Mimi niko 4.3, na EpiEstim iligoma kuingia mpaka nikasasisha kila kitu. Kama una Eksel tupu usijisumbue, utalia.

AfyaWilayani

Hapana ndugu yangu, R ya ugonjwa, si programu. Mgonjwa mmoja anaambukiza wangapi kwa wastani katika kipindi fulani. Ila asante, ya kugoma nayo itanikuta.

BiTakwimu

Umetaja MERS, basi twende Korea Kusini 2015, maana pale jambo lako lilionekana mchana kweupe.

Mwanamume mmoja alirudi kutoka safari ya nchi za Ghuba mwanzoni mwa Mei. Akaugua, akazunguka vituo kadhaa vya afya kabla ya kuthibitishwa tarehe 20 Mei. Huyo peke yake alihusishwa na maambukizi ya watu 28. Kati ya hao 28 yumo kijana wa miaka 35 anayejulikana kwenye ripoti kama mgonjwa namba 14. Alikuwa amelazwa hospitali moja na yule wa kwanza, lakini hakuingia kwenye orodha ya kufuatiliwa, kwa sababu mwanzoni mtu alihesabiwa kuwa ametangamana na mgonjwa endapo tu alikaa naye ndani ya mita 2 kwa saa nzima au zaidi. Akapanda basi kwenda Seoul, akakaa idara ya dharura ya hospitali kubwa kuanzia tarehe 27 hadi 29 Mei, akikohoa katikati ya msongamano. Waliopata ugonjwa kutoka kwake pale ni 82: wagonjwa, watumishi, na zaidi ya yote ndugu na wageni waliokuja kuuguza.

Sasa piga hesabu. Wenzake 27, jifanye hawakuambukiza mtu hata mmoja. Gawa 82 kwa 28, unapata 2.9. Ukichora Rt ya siku hizo mstari unapaa, na mkuu wa wilaya akiuona anasema kila mgonjwa anaambukiza watatu. Hakuna hata mmoja aliyeambukiza watatu katika mfano huu. Mmoja kaambukiza 82, waliobaki sifuri. Rt inakupa wastani, haikuambii umetokana na nini.

Kinachokuambia hilo ni mtawanyiko, tunaouandika k. Ikiwa kubwa, wagonjwa wanafanana katika kuambukiza. Ikiwa ndogo, wengi hawaambukizi kabisa na wachache wanabeba karibu mlipuko wote. SARS ya Singapore 2003 ilikadiriwa kuwa na k ya 0.16. Katika wagonjwa 201 wa mwanzo kule, 162 hawakuonekana kuambukiza mtu.

Mchunguzi_Huru

Hapo umenena dada. Kwa hiyo jibu ni rahisi: tafuta hao wasambazaji wakubwa, pima wingi wa virusi kwa kila mgonjwa, mwenye vingi mfungie, wengine waache. Halafu k ikiwa ndogo milipuko mingi inajifia yenyewe, kwa hiyo hata haraka haina maana.

BiTakwimu

Nusu umepatia, kaka. Kweli minyororo mingi inajifia. Fundi_Kodi, karibu sasa kwenye R yako:

```
R <- 2; k <- 0.1
(1 + R/k)^(-k)
```

Inatoa 0.7375. Yaani kwa wastani wa 2 na k ya 0.1, karibu wagonjwa 74 katika 100 hawamwambukizi mtu. Ukiendelea na hesabu vizazi na vizazi, mgonjwa mmoja akiingia wilayani kwako kuna uwezekano wa karibu asilimia 89 kwamba mnyororo wake utakatika bila wewe kufanya lolote. Wangekuwa wanaambukiza kwa usawa wa kubahatisha tu, ingekuwa kama asilimia 20.

Lakini hiyo 89 ni ya mmoja. Wakiingia 10 kwa nyakati tofauti, uwezekano wa wote kujifia unashuka hadi 31 hivi. Na ule utakaoshika hautapanda taratibu, utaruka. Ndiyo maana watu wanalala: mara tisa hakutokea kitu, wanaamini wao ni hodari.

Kuhusu kumtambua msambazaji kabla hajasambaza, hapana. Namba 14 hakuwa na alama usoni. Alikuwa na homa ya mapafu na kikohozi, kama wengi wanaofika pale, ila alikaa siku tatu mahali penye watu wengi bila kutengwa. Mtu huyo huyo angewekwa chumba chake saa ya kwanza, leo tusingekuwa tunamtaja. Mahali unaweza kupajua mapema. Mtu, kwa nadra sana.

SistaWaZamu

Naomba niseme ya kwangu. Miaka michache nyuma kituo nilichokuwa nafanya kazi, sitakitaja, tulipata mtoto mwenye surua. Alikaa benchi la kliniki tangu asubuhi mpaka saa saba mchana, mama amemfunika khanga, hakuna aliyemwona upele. Benchi lenyewe ni lile la wanaosubiri chanjo! Wiki mbili baadaye tukaanza kuwapokea watoto wa benchi lile lile. Nilijua kwa sababu nilikumbuka khanga ya mama mmoja.

Kwa hiyo mimi sihitaji k kunishawishi. Ila nauliza, nyie wa takwimu: mnaposema punguzeni wageni wodini, nani atamlisha mgonjwa? Zamu ya usiku niko peke yangu na vitanda 40.

Bin_Swaleh

Salaam kutoka Maskati. Huku ngamia wenyewe tunaishi nao na MERS tunaisikia kila mara, mtu mmoja, wawili, inakwisha. Niliwahi kujiuliza kwa nini kule Korea ilikuwa balaa na kwetu si hivyo, ilhali kirusi ni kile kile. Nahisi jibu ni hilo la benchi la Sista. Sijui kama nimeelewa.

BiTakwimu

Umeelewa vizuri, Bin Swaleh, ila usisahau kwamba Saudia nako hospitali zimewahi kupata milipuko mikubwa ya MERS. Kirusi kikibaki nje ya hospitali huwa kinashindwa kujiendeleza.

Sasa nirudi kwenye swali. AfyaWilayani, jaribu hatua zako mbili juu ya wale 28. Ya kwanza, punguza kwa nusu maambukizi ya kila mtu. Namba 14 anabaki na 41, wenzake sifuri inabaki sifuri. 41 kwa 28 ni karibu 1.5, bado uko juu ya 1. Ya pili, usiguse wenzake, mtenge yeye mapema aambukize watu 5 tu. 5 kwa 28 ni 0.18. Mfano umerahisishwa, maana katika wale 28 kulikuwa na mwingine aliyeambukiza zaidi ya watu 20, lakini na yeye ilikuwa ndani ya hospitali. Tena hiyo nusu nimekukopesha. Mwezi Juni Korea ilifunga shule zaidi ya 2,000, na maambukizi karibu yote yalikuwa hospitalini. Wangefunga zote, namba 14 bado yuko dharura anakohoa.

AfyaWilayani

Hii naipeleka kikaoni kama ilivyo. Kufuatilia je? Timu yangu ina watu 6.

BiTakwimu

Kwa watu 6, anzeni kurudi nyuma kabla ya kwenda mbele. Tumezoea kumuuliza mgonjwa: tangu uugue umekutana na nani? Kwa R ya 2 utapata wastani wa wawili walioambukizwa. Muulize pia: wewe uliipata wapi? Kwa k ya 0.1, aliyemwambukiza kwa wastani ana wengine 22 aliowaambukiza, kwa sababu mgonjwa yeyote unayemshika ana uwezekano mkubwa wa kutoka kwenye tukio kubwa. Ukilijua benchi, unawapata wengi kwa safari moja ya pikipiki.

Mchunguzi_Huru

Sawa, nakubali la kumtambua mtu. Lakini hizo k mnazipata wapi? Matukio makubwa ndiyo yanayofuatiliwa mpaka mwisho. Yule aliyeambukiza mmoja kijijini hakuna anayemwandika.

BiTakwimu

Hoja nzuri, na mimi mwenyewe k ya desimali tatu siiamini. Ninachoamini ni kama iko karibu na 0.1 au karibu na 1. Tena hatua zenyewe zinaibadilisha: ukizuia matukio makubwa, k inapanda.

Na Rt ina aibu zake. Siku za mwisho za grafu huonekana zinashuka kwa sababu majibu ya maabara hayajafika, watu wakashangilia. Wagonjwa wakiwa wachache haifai kabisa. Marburg ya Kagera 2023 ilikuwa na wagonjwa 9 kwa ujumla, hapo Rt unaichora ya nini? Jambo la kuchekesha: mlipuko wa Korea uliisha na wagonjwa 186. Walioambukizwa na wenzao ni 185. Gawa, ni 0.99. Mlipuko wowote uliotoka kwa mtu mmoja ukaisha, wastani wake ni chini ya 1, uwe umeua au haukuua.

Kwa mpango wako ningeweka kipimo kingine: wagonjwa wapya wangapi tayari walikuwa kwenye orodha ya kufuatiliwa. Wakiwa wengi, bana mahali pachache na uendelee. Wengi wakianza kutokea ambao hakuna anayejua wametoka wapi, orodha imeshakushinda, na hapo wale wa kufunga gulio wana haki ya kusikilizwa. Wagonjwa wakifika mamia kila upande, ile tofauti ya mtu na mtu haikusaidii kitu.

AfyaWilayani

Nimeandika hivi: chumba cha kutenga mlangoni kabla ya mapokezi, swali la "uliipata wapi" kwenye fomu, gulio na shule hatua ya pili kwa kipimo hicho. Wageni wodini: ndugu mmoja kwa mgonjwa, barakoa, jina kwenye daftari ili tumpate.

SistaWaZamu

Ndugu mmoja sawa, mwanangu. Lakini huyo mmoja hubadilishana na mwenzake saa mbili usiku, na mwenzake huyo ametoka kumuuguza mtu wodi ya pili. Daftari nani analishika saa hiyo?