MREJESHO: Fidia ya maumivu ya mdogo wangu, hukumu imetoka

Niliuliza: "Mdogo wangu alivunjika paja akiwa abiria wa bodaboda hapa Kenya. Maumivu hayana risiti, hakimu atayapimaje kwa pesa?"

Hukumu imesomwa. Hakimu alianza na ripoti ya daktari: mfupa umeunga, lakini mguu umepungua urefu na ulemavu ni wa kudumu. Kisha akalinganisha kesi za zamani zenye majeraha yanayofanana, akiangalia mwaka wa kila hukumu, kwa sababu shilingi imeshuka thamani tangu hapo. Wakili wetu aliomba 1,200,000, wa upande wa pili akasema 400,000. Kesi moja ya zamani aliyoitaja wakili wetu ilikataliwa kwa kuwa majeruhi wa kesi hiyo alivunjika miguu yote miwili. Tukapewa 700,000.

Kilichonigusa ni kwamba mpira aliokuwa akicheza kila Jumapili ulihesabiwa humo humo, pamoja na maumivu. Risiti za hospitali zilihesabiwa kando.

Rufaa tumeiacha. Mahakama Kuu haibadilishi kiasi ila kikiwa kidogo au kikubwa kupita kiasi, au hakimu akikosea kanuni.