Mjadala: Mume na mke Ujerumani wakadiriwe kodi pamoja, au kila mtu na lake?

Zawadi, Bremen: Jamani, nimeolewa miaka mitatu. Mume wangu anapata vizuri, mimi nafanya nusu siku kwenye nyumba ya wazee. Yeye yuko daraja la kodi la 3, mimi la 5, na hati yangu ya mshahara inatia huruma. Kazini wenzangu Wajerumani wanabishana: wengine wanasema kukadiriwa pamoja kufutwe maana kunamweka mwanamke jikoni, wengine wanasema kufutwa ni kuiadhibu ndoa. Nyie mnaonaje? Mapato yetu ya kutozwa kodi kwa 2025, baada ya makato yote, ni yuro 50,000 yake na 14,000 yangu. Hatuna mtoto.

Juma, Cologne: Dada Zawadi, usiwasikilize hao. Pamoja ni faida tupu, ndiyo maana watu wanakimbilia kufunga ndoa Desemba ili wapate mwaka mzima. Na usiguse hayo madaraja, 3 na 5 ndiyo yanayowapunguzia kodi. Mkihamia 4 na 4 mmeumia.

Mama Neema, Hamburg: Juma mwanangu, la Desemba ni kweli, hata ukioa tarehe 31 unahesabiwa mwaka wote. La madaraja umeteleza, na wengi wanateleza hapohapo. Madaraja hayaamui kodi yenu. Yanaamua kiasi gani kinakatwa kila mwezi, na kutoka mshahara wa nani. Mwisho wa mwaka mkishajaza ritani, kodi ya wawili ni ileile, iwe 3 na 5 au 4 na 4. Na walio 3 na 5 wanalazimika kujaza ritani, kwa sababu makato yao ya kila mwezi ni makisio tu.

Nimekaa miaka mingi nikiwajazia watu ritani, basi acha nimpigie Zawadi hesabu yake kwa viwango vya 2025. Kodi ya kanisa naiweka kando.

Kila mtu kivyake: 50,000 za mume zinatozwa 10,691. 14,000 za Zawadi zinatozwa 300 tu, kwa sababu 12,096 za kwanza za kila mtu hazitozwi kitu. Jumla 10,991.

Pamoja: tunajumlisha, 64,000. Tunagawa mara mbili, 32,000. Kodi ya 32,000 ni 4,878, tunaizidisha mara mbili, 9,756. Mmeokoa 1,235. Faida inatoka kwenye tofauti ya mapato yenu, maana viwango vinapanda kadiri mapato yanavyopanda. Mngekuwa mnapata 32,000 kila mmoja, faida ingekuwa sifuri. Na kama mume angepata zote 64,000 nawe hupati kitu, mngeokoa 6,247. Sasa unaona wenzako wanabishania nini: sheria inawazawadia zaidi wale ambao mmoja wao hafanyi kazi ya mshahara.

Juma, Cologne: Sawa Mama, la madaraja nimekubali. Lakini hizo 1,235 si ni zao? Tatizo liko wapi?

Mama Neema, Hamburg: Tatizo liko pale Zawadi anapoamua kama aongeze saa za kazi. Chukua mume peke yake na 50,000, Zawadi yuko nyumbani: wakikadiriwa pamoja kodi ni 5,854. Zawadi akienda kazini akaleta 14,000, kodi yao wawili inapanda hadi 9,756. Kwa hiyo ujio wake umeongeza kodi 3,902. Mwanamke yuleyule, mshahara uleule, akikadiriwa peke yake analipa 300. Na akiongeza saa, kila yuro mpya inakatwa kama senti 29 ndani ya ndoa, wakati nje ya ndoa ingekuwa kama senti 17 na nusu. Wanaotaka sheria ifutwe wanashika hapo, na mimi nawaelewa.

Wanaoitetea nao wanashika kitu kizito. Kabla ya 1958 mapato ya mume na mke yalijumlishwa bila kugawanywa, hivyo kuoa kulikupandishia kodi. Mahakama ya Katiba iliikataa sheria hiyo mwaka 1957, ikasema ndoa inalindwa na katiba na haiwezi kufanywa sababu ya kutozwa zaidi. Kugawa mara mbili kulikuja kuanzia 1958 kama jibu. Hoja yao ni kwamba nyumba mbili zenye 64,000 zilipe sawa, ziwe zimezipata kwa mikono miwili au minne.

Bakari, Stuttgart: Shikamoo Mama Neema. Mimi mke wangu yuko Tanga, nimemwoa kihalali na cheti ninacho. Ofisi ya kodi wamenipa daraja la 1 kama kapera. Huu si ndio ubaguzi mnaoujadili?

Mama Neema, Hamburg: Marahaba Bakari. Mjadala huu si wa kwako, lakini swali lako ni la haki. Ili mkadiriwe pamoja, mkeo lazima awe anaishi Ujerumani, au, kwa masharti fulani, katika nchi ya Umoja wa Ulaya. Tanga haimo. Akishahamia hapa mkaishi pamoja, hata kama ni Novemba, mnaweza kuomba pamoja kwa mwaka huo. Kwa sasa dai pesa za matunzo unazomtumia. Kiasi kinachokubaliwa kinapunguzwa kulingana na gharama za maisha za nchi, na tangu 2025 wanataka ziwe zimepitia benki. Ukimpa mjomba mkononi apeleke, umejinyima mwenyewe.

Wanjiru, Frankfurt: Mnaongea juu ya faida kana kwamba ndoa zote zinadumu. Mimi niliachana na mtu aliyekuwa na biashara ya pembeni ya magari. Tulikuwa tumejaza ritani pamoja, nikasaini tu vile alivyoniwekea karatasi. Tushaachana, barua ya deni ikaja kwangu, deni lote, na mimi mshahara wangu ulikuwa umekatwa kodi kila mwezi. Nikauliza, mbona mimi? Nikaambiwa mkisaini pamoja mnadaiwa pamoja. Kwa hivyo mimi nasema kila mtu na lake, kwisha.

Mama Neema, Hamburg: Pole sana Wanjiru. Ulilipa?

Wanjiru, Frankfurt: Nililipa robo hivi, halafu rafiki akaniambia naweza kuomba deni ligawanywe. Nikaandika barua, wakagawa. Kile nilicholipa kabla ya hapo sijui kiliendea nani.

Mama Neema, Hamburg: Rafiki huyo alikufaa. Ombi hilo lazima liingie kabla deni halijalipwa lote. Likishaisha mlango umefungwa. Na jinsi linavyogawanywa kunahusu mjadala huu moja kwa moja. Ofisi inajifanya kama kila mmoja angekadiriwa peke yake, kisha inagawa kodi ya pamoja kwa uwiano huo. Tuirudie nyumba ya Zawadi: 10,691 kwa 300. Kodi ya pamoja ya 9,756 ikigawanywa hivyo, sehemu ya Zawadi ni kama 266, ya mume ni kama 9,490. Maana yake katika zile 1,235 zilizookolewa, Zawadi ana 34 na mume ana 1,201.

Zawadi, Bremen: Subiri Mama. Mwezi mmoja tu mimi nakatwa zaidi ya hizo 34. Kwa hiyo nimekuwa nikimlipia mume kodi?

Mama Neema, Hamburg: Ndani ya daraja la 5 hakuna ile 12,096 yako, imehamia kwake pamoja na yake. Mshahara wako unabeba mzigo ambao kwa hesabu ya mwaka si wako, naye anapokea zaidi kila mwezi. Mkila chungu kimoja haionekani. Mkiachana, kwa kawaida mahakama hazikurudishii makato ya miezi mliyoishi pamoja kwa amani, kwa sababu zinaona mlikubaliana kuishi hivyo.

Na kuna pigo lingine, kubwa kuliko hilo. Posho ya mzazi na posho ya kukosa kazi huhesabiwa kutokana na mshahara baada ya makato. Mnapanga mtoto? Basi toka daraja la 5 mapema, angalau miezi saba kamili kabla ya likizo ya uzazi, ama sivyo posho yako itahesabiwa kwa ile hati inayotia huruma. Omba daraja la 4 lenye kigezo, ambamo kila mshahara unakatwa karibu na sehemu yake halisi. Mnaomba wote wawili, linaanza mwezi unaofuata.

Juma, Cologne: Na mwaka wa posho ya mzazi si afadhali kukadiriwa kivyake? Maana posho inapandisha kiwango. Kaka mmoja aliniambia.

Mama Neema, Hamburg: Posho yenyewe haitozwi, ila inapandisha kiwango kinachotoza mapato mengine, hapo huyo kaka yuko sahihi. Lakini nilijaribu mfano: mume 38,000, mke 24,000 na posho 9,000. Pamoja 10,337, kivyake 10,449. Pamoja bado inashinda. Kivyake hushinda mara chache, mapato yakikaribiana na mmoja akiwa na posho, au akilipwa fidia kubwa ya kuachishwa kazi. Programu ya ritani hupiga hesabu zote mbili, itazame. Na mkichagua kivyake, gharama kama za chekechea au matibabu zinakwenda kwa aliyezilipa, isipokuwa wote wawili mkiomba zigawanywe nusu kwa nusu. Watu husahau, risiti zikabaki kwa asiyezihitaji.

Wanjiru, Frankfurt: Lakini Mama hujasema. Ifutwe au isifutwe?

Mama Neema, Hamburg: Daraja la 3 na la 5 ningeyafuta leo. Serikali ya Scholz ilikuwa na mpango huo, ikavunjika Novemba 2024 kabla haujapita. Kugawa mara mbili kwenyewe ningekupunguza. Waliotalikiana tayari wana kanuni yao: anayetunza anaondoa hadi 13,805 kwenye mapato yake, anayetunzwa anazitolea kodi. Baadhi ya wachumi wanataka wanandoa nao wawekewe kikomo kama hicho. Nimempigia Zawadi: kodi yao ingekuwa 9,819 badala ya 9,756. Yuro 63 zaidi. Wangeumia hasa wale ambao mmoja anapata mamia ya maelfu na mwingine hapati kitu.

Juma, Cologne: Lakini Mama, kwa kikomo hicho Zawadi akiongeza saa bado atakatwa karibu vilevile. Ile hoja ya senti 29 imeenda wapi?

Mama Neema, Hamburg: Haijaenda popote, umenibana. Kwa nyumba kama yake kikomo hicho kinapunguza kidogo mno. Ili aone senti 17 na nusu, lazima kila mtu akadiriwe kivyake kabisa, nao wapoteze zile 1,235.

Zawadi, Bremen: Nimemsomea mume wangu hesabu ya 34 na 1,201. Kwanza alicheka, halafu akasema pango la nyumba analipa yeye, kwa hiyo mbona ni haki tu. Sijui nimjibu nini. Fomu ya kubadili daraja nimeichapisha, iko mezani, inahitaji sahihi yake.

Bakari, Stuttgart: Dada, muwekee kalamu karibu. Mama Neema, matunzo ya mama mkwe nayo yanakubalika, au ni ya mke tu?