Damu 8.4, vidonge nameza, chai siachi: nakosea wapi?

Mchuma Majani: Wakuu, nachuma chai huku Rungwe, nina miaka 31, sina mimba. Mwezi uliopita damu ilikuwa 8.4, nikapewa vidonge vya chuma, kimoja kila asubuhi. Sijaruka hata siku moja. Juzi nimerudia kipimo, 8.6! Nameza saa 12 asubuhi kwa chai ya rangi na viazi. Mchana nakula ugali na maharage, nashushia kikombe kingine. Naambiwa chai inakula damu. Niache kabisa?

Kijana wa Uyole: Hiyo ni kweli dada. Hamia chai ya kijani, au weka maziwa mengi, itapoa makali.

Fundi Maabara: Dada, chai haili damu uliyonayo. Ule ukakasi unaokausha ulimi, ndio unaoacha utando wa kahawia kikombeni, unashikana na chuma tumboni, nacho kinatoka chooni bila kuingia mwilini. Kinachonaswa sana ni chuma cha maharage, mboga na vidonge. Cha nyama kinaguswa kidogo. Kijana, ya kijani ina ukakasi huohuo, na maziwa yana kalsiamu, nayo inazuia chuma.

Usiache chai, isogeze. Meza kidonge saa 11 alfajiri kwa maji, ukikamulia limao ni vizuri zaidi. Viazi kula saa 12 bila chai, kikombe cha kwanza kiwe saa 1 au saa 2. Ukila maharage saa 7, subiri saa 8 ipite ndipo ufungue chupa ya chai. Kwa mwezi tunategemea damu ipande walau 1, 0.2 inaweza kuwa tofauti ya mashine tu.

Mama Mufindi: Mimi kizunguzungu kilinitesa, nikanywa chai ya chumvi, presha ikapanda, nikapona.

Fundi Maabara: Pole mama, ila hiyo ni presha ya kushuka. Mwenzetu anaumwa upungufu wa damu.

Mchuma Majani: Asante kaka. Ila nikimeza tumbo tupu linachoma, natapika. Ndiyo maana nilianza na chai.

Fundi Maabara: Basi meza baada ya viazi viwili vitatu, kwa maji. Kitaingia kidogo kuliko tumbo tupu, lakini ni bora kuliko kukitapika. Kidonge usikishushie kwa uji wa ulezi, nao una ukakasi. Wengine huandikiwa siku moja wameze, moja wapumzike, tumbo linatulia, muulize aliyekuandikia. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni chuma. Je, hedhi yako ikoje? Na shambani unavaa viatu? Minyoo ya safura inapenda udongo wenye unyevu kama wa huko.

Mchuma Majani: Hedhi siku 7, siku mbili za mwanzo ni nzito mno. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Fundi Maabara: Hapo sasa. Hata chai ukiisogeza, kama damu inayotoka ni nyingi kuliko inayoingia utabaki palepale. Hilo kawaeleze, waombe na kipimo cha choo.

Mchuma Majani: Jumatatu naenda. Chupa nitaanza kuifungua saa 8 na nusu.