Tupeane uzoefu: kupiga muziki barabarani katikati ya Nairobi

Mwanzilishi wa mada

Ndugu zangu, salamu. Mimi hupiga gitaa na kuimba, na kwa muda wa miezi minne sasa nimekuwa nikisimama jioni katikati ya jiji la Nairobi nikiwaimbia wapita njia. Nimeshafukuzwa mara tatu, na mara zote tatu sikuwa nimefanya jambo ambalo ningeliona kuwa kosa. Ninaomba wale waliotangulia katika kazi hii watueleze walivyochagua nyimbo, walivyopata mahali pa kusimama, walikoomba ruhusa na walivyozitunza fedha. Naomba kila mtu asimulie yaliyompata yeye mwenyewe, kwa kuwa ushauri wa jumla nimeupata wa kutosha.

Gitaa la Jioni

Nimefanya kazi hii kwa miaka tisa, sehemu kubwa nikiwa upande wa Moi Avenue, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu kidogo.

Jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa ni kwamba mpigaji wa barabarani ana hadhira mbili. Ya kwanza ni ya wanaopita, ambao ndio wanaotoa fedha. Ya pili ni ya waliokaa: muuza magazeti, mng'arisha viatu, mama wa matunda, soja wa jengo na mwenye duka la simu. Hawa hawatoi kitu, lakini ndio wanaoamua kama utakuwapo hapo wiki ijayo. Mara nyingi askari wa kanjo hawaji kwa kuwa wamekuona. Huja kwa kuwa kuna mtu amelalamika, na huyo aliyelalamika huwa amekusikiliza kwa saa mbili mfululizo.

Ndiyo maana nyimbo zinahitaji kupangwa kwa kufikiria pande zote mbili. Mtu anayetoka kazini akielekea kwenye kituo cha matatu hukusikia kwa sekunde ishirini hivi, na kama katika muda huo hajakutana na kitu anachokifahamu, ameshapita. Kwa hiyo mimi huanza na kiitikio, kisha ndipo niingie ubeti wa kwanza, hata kama mtunzi aliupanga wimbo vinginevyo. Lakini ukiwa na nyimbo sita tu zinazopendwa na ukazizungusha jioni nzima, mpita njia hatajua, ila mng'arisha viatu atakuwa ameusikia wimbo uleule mara tano. Mimi hubeba nyimbo zipatazo ishirini na tano na sirudii hata mmoja ndani ya saa mbili. Kati ya hizo, nane ni za gitaa pekee bila kuimba, ambazo huipumzisha sauti yangu na kumpa mwenye duka nafasi ya kuzungumza na wateja wake.

Sauti nayo huimbwa chini kidogo kuliko nyumbani. Vumbi, moshi wa magari na honi vitakulazimisha kupaza, na ukianza juu utakuwa umekauka koo kabla ya saa kumi na mbili.

Mwana wa Kisumu Ndogo

Mimi naona suala la ruhusa linatatizwa bure. Nilijiandikisha katika chama cha hakimiliki cha wanamuziki, ninayo kadi, na nimwonapo kanjo humwonyesha. Mwanamuziki aliyesajiliwa anaruhusiwa kupiga muziki mahali popote palipo wazi kwa umma. Hiyo ndiyo kazi ya usajili.

Gitaa la Jioni

Ndugu, hapo umeshika nusu ya jambo. Vyama vya hakimiliki hushughulikia wimbo: nani aliutunga na nani alipwe unapopigwa hadharani. Barabara si mali yao. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti mambo ya burudani za umma pamoja na udhibiti wa kelele na kero nyingine za umma, na kwa hiyo ruhusa ya kusimama kwenye njia ya waenda kwa miguu hutafutwa kaunti. Askari aliyekuachia kwa sababu ya kadi alikufanyia hisani tu, na mwenzake wa kesho huenda asikufanyie.

Nilivyofanya mimi ni kuandika barua ya ukurasa mmoja nikitaja mahali hasa, siku, saa, chombo ninachopiga, na kwamba situmii spika. Niliipeleka mwenyewe nikiwa na nakala mbili, nikaomba ile moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Jibu lilichelewa sana, na nilipolifuatilia nilitumwa kutoka ofisi moja hadi nyingine. Nakala yenye muhuri si kibali, na sijawahi kumwambia mtu kwamba ni kibali. Hata hivyo humwonyesha askari kwamba wakubwa wake wanajua nipo, na mara kadhaa mazungumzo yaliishia hapo.

Kuna mtego mwingine. Si kila eneo linaloonekana wazi ni la kaunti. Veranda na ngazi za mbele ya jengo huwa za mwenye jengo, na hapo barua ya kaunti haikusaidii. Anayezungumzwa naye ni msimamizi, na soja ndiye atakayekufikisha kwake.

Mama Zeze

Naomba msaada pia. Mimi huimba kwenye harusi, na wiki iliyopita bwana harusi alikataa kumalizia malipo yangu. Je, kanjo wanaweza kunisaidia nikiwa na kibali?

Mwanzilishi wa mada

Dada, pole sana, lakini hayo ni makubaliano kati yako na mwenye shughuli, na kibali cha barabarani hakiyagusi. Tafadhali fungua mada yake, kwa kuwa wapo wengi humu wenye maumivu kama hayo.

Ndugu Gitaa, tueleze kuhusu mahali. Mimi nilikuwa nikisimama mbele ya jengo la Kumbukumbu za Taifa, kwa sababu sijaona mahali penye watu wengi zaidi.

Gitaa la Jioni

Wingi wa watu hudanganya. Mbele ya Kumbukumbu za Taifa wanakutana watu wanaosubiriana, wahubiri, wachekeshaji na wauza dawa, na baadhi yao wana vipaza sauti. Huwezi kuimba kwa gitaa kavu dhidi ya mhubiri mwenye spika, na si adabu kujaribu. Pia wanaosimama pale tayari wana wanachokitazama.

Mimi hutafuta mahali ambapo watu hupunguza mwendo bila kusimama, na nyuma yangu pana ukuta. Ukuta huirudisha sauti mbele, na pia hakuna anayeweza kupita nyuma yako akiwa na nia na kisanduku chako. Njia iwe pana kiasi kwamba watu sita wakisimama kunisikiliza, wengine wawili bado wanaweza kupishana. Ukiona watu wanashuka barabarani ili wapite, hama kabla hujahamishwa. Kona ya kituo cha matatu siitaki kwa sababu ya honi na haraka, na mlango wa benki siusogelei kabisa.

Kabla ya kufungua gitaa mara ya kwanza, nilikaa mahali hapo jioni mbili bila kupiga chochote. Nilinunua gazeti na kung'arisha viatu. Jioni ya pili nikamuuliza mzee wa magazeti kama nikipiga gitaa hapo nitamharibia kazi. Akanijibu kwamba nisianze kabla ya saa kumi na nusu, kwa kuwa wateja wake wa mwisho hupenda kusimama na kusoma vichwa vya habari, na nikisimama karibu naye watanitazama mimi. Nikasogea hatua kumi na tano. Sijawahi kufukuzwa pale.

Baharini London

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na napiga udi jijini London. Huku treni za chini ya ardhi zina mpango rasmi tangu mwaka 2003: unafanyiwa majaribio, ukikubaliwa unapewa leseni, unajiwekea zamu ya saa mbili, na mahali pa kusimama pamechorwa nusu duara sakafuni. Juu barabarani mambo hutegemea halmashauri ya mtaa. Ile ya Westminster ilileta leseni zake mwaka 2021. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba mstari ule sakafuni umeondoa ugomvi mwingi, lakini pia umemwondoa yule mzee wa magazeti. Sijui jina la mtu hata mmoja ninayepiga karibu naye.

Mwanzilishi wa mada

Na fedha? Mimi huweka kofia chini, na juma lililopita kijana aliinama kama anayetoa, akaondoka na noti ya mia mbili.

Gitaa la Jioni

Kofia ni nyepesi na ina kina kifupi. Kisanduku cha gitaa kilichofunguliwa, mguu wako ukiwa umekigusa, ni bora zaidi. Nitakupa hesabu ya Ijumaa moja ya hivi karibuni, saa kumi na nusu hadi saa moja usiku.

Nilianza kwa kuweka mbegu ya shilingi 200: noti moja ya mia na sarafu tano za ishirini. Kisanduku kitupu hakimwambii mtu kwamba fedha zinaruhusiwa, na kikiwa na sarafu za shilingi tano peke yake kila mtu atatoa tano. Kila kilipopita shilingi 500 hivi nilipunguza baina ya nyimbo, nikairudisha hali ya mbegu. Mwisho nilikuta taslimu 1,340, na nikitoa mbegu, mapato ni 1,140. Kwa simu ziliingia 870. Jumla ni 2,010. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa 160, chai 60, na kijana anayenitazamia kisanduku nilimpa 300, kwa hiyo nilibakiwa na 1,490. Jumanne za mvua zipo ambazo nimerudi na nauli tu, na wakati mwingine bila nauli.

Kwa upande wa simu, nilifungua Pochi la Biashara ili fedha za barabarani zisichanganyike na zangu, na nambari nimeiandika kwa herufi kubwa kwenye kadibodi inayosomeka kutoka hatua nne. Jihadhari na anayekuonyesha kwenye simu yake kwamba ametuma elfu moja kimakosa badala ya mia, na anataka umrudishie taslimu papo hapo. Tazama simu yako mwenyewe. Ujumbe wa kweli huingia kwa jina la MPESA. Ukitoka kwa nambari ya kawaida ya simu, ni wa kughushiwa. Sivunji noti kubwa wala sitoi chenji, hata kwa mtu mwenye sura njema. Nilitoa mara moja, na ile noti ya elfu ilikuwa bandia.

Mwana wa Kisumu Ndogo

Nimekubali kuhusu kadi. Lakini basi nifafanulieni: nikiimba wimbo wa mtu mwingine barabarani, nani anapaswa kumlipa mtunzi? Hotelini mwenye hoteli ndiye hulipia leseni. Barabarani hakuna mwenye nyumba.

Gitaa la Jioni

Kwa namna sheria ya hakimiliki ilivyo, kupiga hadharani ni kupiga hadharani, kwa hiyo mzigo huo ningeuhesabu kuwa wako. Mimi nimeupunguza kwa kuongeza tungo zangu na nyimbo za jadi zisizo na mtunzi anayejulikana, ambazo sasa ni zaidi ya nusu ya zile ishirini na tano.

Baharini London

Nyimbo za jadi nazo zina walioziandalia mpangilio mpya, na mpangilio huo una mwenyewe. Hapo mimi na wenzangu hatujawahi kuelewana.

Mwanzilishi wa mada

Kesho nitakwenda bila gitaa na kununua gazeti. Kuna yeyote aliyejaribu Aga Khan Walk siku hizi? Nasikia masoja wa pale wana utaratibu wao.