Tupeane uzoefu: unampaje bosi asiye na muda taarifa ya wiki mpaka ajue tatizo mapema?

Mzee wa Saiti:
Wakuu habari zenu. Mimi ni injinia wa saiti, hosteli ya ghorofa 3, mkurugenzi yuko mjini ana miradi mingine mitano na simu yake haikai kimya. Zamani nilikuwa namtumia ripoti kurasa 9 kila Ijumaa jioni na picha kibao, nikaja kugundua hafungui. Yaliyonikuta sasa: nguzo za ghorofa ya pili, zege la 25, kyubu za kupima nguvu ya zege, za siku 7, zikatoka 11 wakati kwa siku 7 tunategemea kama 16 au 17 hivi, na nasikia kijana aliziacha juani siku 2. Mimi nikaliandika, ukurasa wa 6, katikati ya idadi ya mifuko ya saruji na mafundi waliokuja kazini. Alhamisi iliyofuata tumeshakodi pampu ya kumwaga slabu juu ya nguzo hizo hizo ndo anapiga simu anafoka kwamba mshauri kamwambia habari za kyubu yeye hajui. Nikamwambia bosi nimeripoti. Akaniuliza wapi. Aisee.

Siku hizi namtumia meseji moja Wasapu, mistari 5, Alhamisi mchana ili abaki na Ijumaa ya kufanyia kitu. Mstari wa kwanza ndo tatizo lenyewe. Nyie mnafanyaje?

Dada wa Stoo:
Mimi nakwambia tuma kila siku, na ukopi watu wote kwenye imeli, mhasibu, mshauri, kila mtu. Likilipuka unaonyesha tarehe. Mimi imeniokoa mara mbili.

Mratibu Mstaafu:
Dada hiyo imekuokoa wewe, slabu haijaokoka 😀 Kuweka kumbukumbu ni sawa, ila hiyo ni kazi ya kitabu cha saiti. Mtu anayepokea meseji 30 za "kazi inaendelea" kwa mwezi ya 31 yenye moto haioni.

Nimeratibu miradi miaka mingi, nikuandikie ile ya kyubu ingekaaje:

"Kyubu za siku 7 nguzo gh. 2 zimetoka 11, tulitarajia 16. Sijajua kama ni zege au ni kyubu, maana kijana aliziacha juani siku 2 kabla ya kuziweka majini. Slabu ilikuwa imwagwe Alhamisi, nimeisimamisha. Nguzo tutazipima kwa nyundo Jumatatu, zikiwa na shaka tutatoboa sampuli. Naomba ruhusa ya gharama ya kutoboa kabla ya Jumatatu saa 6 mchana. Nisipopata jibu slabu inabaki imesimama na pampu tunairudisha."

Kakuta namba, kakuta usichokijua, kakuta unachotaka kwake na saa ya mwisho. Ule mstari wa "nisipopata jibu" ndo unamfanya ajibu akiwa kwenye foleni. Ila angalia, unaweka pale jambo lililo ndani ya mamlaka yako tu, kusimamisha unaweza, kusema "usipojibu natumia hela" hapana, utafukuzwa.

Kingine, tatizo likishaingia lisitoke kimya kimya. Wiki ijayo unaandika tena "kyubu, wiki ya 2", hadi liandikwe limefungwa. Mimi nikiona kitu wiki iliyopita kilikuwepo na leo hakipo wala hakijasemwa kimeishaje, hapo hapo napanda gari kwenda saiti.

Tindo Butu:
Samahani wakuu, mimi bosi wangu hanilipi mwezi wa 3 sasa, nimpe taarifa ya wiki au niende ofisi ya kazi moja kwa moja?

Dada wa Stoo:
Kaka anzisha uzi wako 😂 ila pole.

Kipaza Kidogo:
Mratibu yote sawa lakini wapo mabosi ukimletea shaka anakuona huna uwezo. Mimi niliandika nondo zinaweza kuchelewa, zikafika kwa wakati, kikaoni nikaitwa "bwana hofu" mbele ya watu. Tangu hapo nasubiri hadi nina uhakika.

Mratibu Mstaafu:
Ukiwa na uhakika nondo zimeshachelewa. Ungeandika ulichokiona, "msambazaji hajathibitisha gari hadi leo na sisi tunazihitaji tarehe fulani", hiyo siyo hofu hata zikifika. Japo mabosi wa hivyo wapo kweli, na dawa yao sina.

Mzee wa Saiti:
Bwana hofu 😂 nimecheka. Mrejesho: nyundo ilionyesha nguzo 2 kati ya 12 zina shaka, zimetobolewa leo, majibu bado. Kijana wa kyubu kakana kuziacha juani. Meseji ya Alhamisi naandika "kyubu, wiki ya 3".

Kipaza Kidogo:
Na huyo kijana unamtaja jina kwenye meseji au?

Mzee wa Saiti:
Hapo ndo nimekwama mkuu.